Mto Haujai Agosti: kwa mnaoanza kuandika hadithi za kijasusi

Karibu kila rasimu ya kijasusi ninayoletewa na mwandishi mgeni ina meza ya chakula, na karibu kila meza ina kosa lile lile. Ndumilakuwili anakula, mwenyeji anamkazia macho, kimya kinatanda, halafu mmoja wao anaanza kuhutubia: nimekuwa nikiwatumikia wale tangu mwanzo, na sababu zangu ni hizi na hizi. Nami nilianza hivyo hivyo, kwa hiyo sicheki. Ila nataka niwaeleze kwa nini hotuba ile haifanyi kazi, kisha niwaonyeshe jinsi nilivyohangaika na meza moja mpaka ikakubali.

Jasusi wa pande mbili analipwa kusema uongo mezani. Neno lolote atakalotamka kuhusu moyo wake, msomaji ana haki ya kulitupa. Akisema "mimi ni wenu" tunajua angesema hivyo hivyo hata kama si mtu wao. Hilo wengi wenu mnaliona. Msiloliona ni kwamba hata matendo yake mengi hayathibitishi kitu. Mtu anayejifanya wakala wa adui kwa amri ya wakubwa zake wa nyumbani lazima ampelekee huyo adui habari za kweli mara kwa mara, maana akipeleka uongo mtupu watamshtukia ndani ya mwezi. Kwa hiyo ukimwonyesha anakabidhi bahasha yenye siri ya kweli, hujaonyesha chochote. Huenda ameagizwa. Kila alichoagizwa, na upande wowote, kinajifuta chenyewe. Kinachobaki kama ushahidi ni jambo dogo alilofanya bila kuagizwa na yeyote, na ambalo lina gharama kwake.

Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha jinsi meza ya chakula inavyoweza kumnyima mwenyeji jibu. Oleg Gordievsky alikuwa kanali wa KGB aliyekuwa akiwafanyia kazi Waingereza kwa siri tangu 1974. Mei 1985 aliitwa Moscow kutoka London, akapelekwa kwenye nyumba ya mapumziko nje ya mji, akakaribishwa mkate wenye nyama na konyaki ya Armenia. Glasi yake ilimiminiwa kutoka chupa nyingine, nayo ilikuwa na dawa. Walimhoji kwa saa nyingi akiwa amelewa dawa hiyo, na hakukiri. Julai akatoroshwa hadi Finland ndani ya buti ya gari. Wale waliokaa naye mezani walikuwa na dawa, na walikuwa na swali la moja kwa moja, na bado hawakupata neno. Sasa wewe mwandishi unataka niamini kwamba mhusika wako amefunguka kwa sababu ya macho makali na bakuli la supu?

Hadithi yangu niliiweka Dar es Salaam, Agosti 1968. Sikuhitaji kubuni hali ya hewa ya ujasusi. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, ilizaliwa humo humo mwaka 1962, Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ilikuwa na ofisi zake hapo, na PIDE, polisi wa siri wa Ureno, ilikuwa na masikio yake mjini. Februari 1969 kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar hiyo hiyo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi. Hao ni wa kweli. Watu wa hadithi yangu niliwabuni.

Wako wanne, na nawaita kwa kazi zao. Karani ni kijana anayefasiri barua za Kireno. PIDE inaamini ni mtu wao. Kumbe Mzee, ofisa wa usalama wa Tanzania, ndiye anayemwelekeza cha kuwapa. Mzee amemkaribisha chakula cha jioni nyumbani kwake Upanga. Yupo mke wa Mzee, mwenyeji wa Mikindani, ambaye kazi ya mumewe haijui na haiulizi. Na yupo muuguzi, binti wa shoga yake mama huyo, anayejiandaa kusafiri kusini.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa mazungumzo, nilichukua daftari la shule nikachora safu nne, nikaandika kila mtu anajua nini anapokaa mkekani. Fanyeni hivi, nawasihi, kwa kalamu. Mzee anajua kwamba Alhamisi watu kumi na watatu watavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, kwa kivuko cha juu. Anajua pia kwamba amemwamuru Karani awaambie Wareno ni kivuko cha chini. Karani anajua yote mawili. Muuguzi anajua safari yake tu: Alhamisi, kivuko cha juu. Mama anaujua mto.

Sasa mtazameni Karani. Kama moyo wake uko Dar, hana cha kuhofia, kwa sababu doria ya Wareno itakesha penye kivuko cha chini na binti atapita salama. Kama moyo wake uko upande wa pili, amewapa Wareno uongo alioagizwa pamoja na ukweli ulio nyuma yake, na kivuko cha juu kimegeuka kaburi. Safu hizo nne zikikaa sawa, mazungumzo yenyewe yanakuwa mafupi. Sinia ya wali wa nazi iko katikati, changu wa kupaka juu yake. Muuguzi anamchambulia Karani miiba kwa sababu ameona hajui kula samaki mwenye miiba, huku akisimulia safari. Karani anafinyanga tonge. Anauliza:

"Alhamisi hii? Kwa nini usingoje wiki ijayo, dada? Mto umejaa sana."

Mama, bila kuinua macho kwenye sinia: "Mto gani huo, mwanangu, unaojaa Agosti?"

Basi. Tonge la Karani linabaki vidoleni, halirudi siniani wala haliendi mdomoni. Mzee anaomba asogezewe achari.

Angalieni kwamba mama hajui alichofanya. Anajua mto tu. Mzee anajua vivuko, lakini pengine asingekumbuka majira. Nusu mbili za ukweli zilikuwa zimekaa kwa watu wawili, na sentensi moja ya mama ikaziunganisha ndani ya kichwa cha Mzee, na ndani ya kichwa cha msomaji kwa wakati ule ule. Na angalieni uongo wenyewe. Karani angesema "huko kuna vita, kaa nyumbani," hakuna ambaye angeshtuka. Hata shangazi yangu angesema hivyo. Kilichomponza ni kutafuta sababu ya kubuni, maana anayebuni sababu anayo ya kweli asiyoweza kuitamka.

Rafiki mmoja aliyeisoma alibisha. Alisema utiifu wa kweli wa Karani si kwa Wareno bali kwa yule binti, kwani alihatarisha shingo yake kumwokoa. Nilipenda ubishi huo, lakini nilimwambia ahesabu. Watu kumi na watatu wanavuka. Karani alimwombea mmoja abaki, aliyemchambulia miiba, na wale kumi na wawili hakuwagusa. Huruma yake ilikuwa ya kweli, na bado upande aliochagua haukusogea. Mkiweza kumpa mhusika wema mdogo unaomsaliti bila kumsafisha, msiuachie.

Makosa niliyoyafanya njiani ni mengi, nitataja mawili yaliyonigharimu. La kwanza ni la aibu: rasimu ya mwanzo niliiweka Machi, kwa kuwa nilitaka mvua inayonyesha juu ya bati wakati wanakula. Msomaji mmoja wa Mtwara akaniandikia mstari mmoja tu, kwamba Machi Ruvuma imejaa kweli. Hadithi nzima ikaanguka, kwani Karani alikuwa amesema jambo sahihi! Mvua za huko huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili hivi, na kufika Agosti mto umepungua, mchanga umetokeza. Nikafuta mvua yangu nzuri.

La pili lilikuwa kumfanya Mzee apange mtego. Aliwaalika wote wawili makusudi na kumchochea binti ataje safari. Ilisomeka kama mchezo wa sarakasi, na zaidi ya hapo ilimpa Karani sababu ya kujihadhari. Jasusi mzoefu akinusa mtego hutulia. Anayejikwaa ni yule aliyeshiba kidogo, aliyekaa na watu wanaomwita mwanangu. Kwa hiyo nikamwacha Mzee awe hajui kama binti atakuwepo. Mkewe ndiye aliyemwalika kwa sababu zake, na moja ya sababu hizo, nadhani mmeshaikisia, ni kwamba kijana hajaoa.

Hapo ndipo palipozuka swali la haki: kwa nini muuguzi ataje safari ya siri mbele ya mgeni? Sikuwa na jibu kwa wiki mbili. Mwishowe niliona kwamba kwake Karani si mgeni. Ni mtu wa ofisi ile ile anayemfasiria barua, na kwa Mzee wa nyumba hakuna cha kufichwa. Ilitosha sentensi moja mapema, binti akimsalimu Karani kwa utani wa watu waliozoeana kazini.

Kuhusu maji ya mto, msomaji lazima awe ameyasikia kabla, la sivyo swali la mama litaonekana nimelichomeka. Niliyaweka ukurasa wa pili, mama anaposimulia jinsi kaka yake alivyovuka Ruvuma kwa miguu na mbuzi mabegani, maji yakimfika magotini, na mbuzi akamkojolea shingoni katikati ya mto. Watu wakicheka hawajui kama wamepewa ufunguo. Kidokezo kikae mahali ambapo kina kazi nyingine ya kufanya. Kikikaa bure, msomaji wa kijasusi hukiokota papo hapo, maana hawa ni wasomaji wabaya, wanahesabu kila kijiko.

Baada ya swali la mama nilikuwa na kurasa tatu zaidi. Kulikuwa na Mzee akimfuata Karani barazani, maswali, machozi, na kijana akieleza pesa za Wareno zilivyomponya mama yake. Nilizipenda kurasa zile. Nikazisoma kwa sauti nikagundua kwamba zinamrudisha Karani kwenye maneno, pale pale ambapo hatumwamini. Nikazikata zote. Sasa mama anakuja na birika na beseni kuwanawisha. Anaanza na mumewe, kama ada, na Mzee ananawa polepole, kidole kwa kidole, na hasogezi beseni kwa Karani.