Anataka mhamie WhatsApp siku hiyohiyo? Rudi kwanza kwenye profaili yake

Kuombwa namba mapema si ushahidi wa utapeli. Wengi wetu tuna bando la WhatsApp tu, na hizi apu za kutafuta wachumba zinakula data. Lakini tapeli naye ana haraka yake: akaunti yake ikiripotiwa inaweza kufungwa wakati wowote, kwa hiyo anataka awe na namba yako kabla hajafungiwa. Ombi ni lilelile, basi mimi hutazama kama mwenendo wake kwenye chati unafanana na alichojiandikia.

Kuna mmoja alijitambulisha kama mhandisi wa barabara, Morogoro, na apu ikaonyesha yupo kilomita 3 kutoka kwangu. Salamu mbili tatu, kisha: "Hapa siingii sana mrembo, nipe namba yako ya WhatsApp." Kitone cha kijani kilikuwa kinawaka jioni nzima, na majibu yanakuja kabla sijaweka simu chini. Mtu asiyeingia sana hajibu hivyo.

Nikamuuliza saiti yao iko upande gani, barabara ya Iringa au ya Dodoma. Mtu wa kazi ile, tena aliye Morogoro, hawezi kukwama hapo. Akajibu, "Mbali kidogo na mji. Umekula?" Nikarudia kesho yake kwa maneno mengine, akanisifia macho. Napenda maswali ya aina hii kwa sababu hayamtuhumu mtu. Mkweli hujibu na kuongeza malalamiko ya vumbi juu.

Namba yangu sikumpa, nikaomba yake. Ikaja inaanza na +44, ya Uingereza. Eti alikuwa huko kikazi. Inawezekana, ndugu zetu wengi wanarudi na laini za nje, ila profaili haikuwa na hata dokezo la safari. Wala +255 isingemsafisha, maana hata tapeli anaweza kuwa na laini ya hapa. Hata zile kilomita usiziamini sana, kwani baadhi ya apu humruhusu mtu kubadilisha mahali alipo. Kilichonitosha ni kwamba kila nilipogusa jambo aliloliandika mwenyewe, alilikwepa.

Kabla sijamripoti nilipiga picha ya skrini ya profaili na chati yote. Fanya hivyo mapema, kwa sababu akikuondoa kwenye orodha yake, mara nyingi mazungumzo hutoweka na huna tena pa kubonyeza.

Mwingine, muuza vipuri vya pikipiki, aliniomba namba upesi vilevile. Nikamwambia tubaki hapa kwanza siku chache. Akasema sawa, ila atajibu usiku akishafunga duka. Mchana kutwa kimya, saa mbili usiku akaingia akilalamika juu ya mteja aliyerudisha cheni iliyokwisha tumika. Huyo nilimpa.