Kwa mnaoanza kliniki ya ngozi: mafuta hupakwa mwili ukiwa bado na unyevu

Wadogo zetu mnaoanza kliniki ya ngozi hapa Moshi, kuna jambo moja mnatuchosha nalo. Mtoto wa pumu ya ngozi analetwa ngozi imechachamaa, mnaandika haidrokotisoni, mnamwambia mama "mpake mafuta ya mgando akishaoga," kisha mnaita mwingine. Wiki mbili baadaye mtoto anarudi vilevile, nanyi mnataka kupandisha nguvu ya dawa. Kabla ya kupandisha, mwombeni mama asimulie jinsi anavyomwogesha, hatua kwa hatua.

1. Dakika tatu. Chukueni mtoto wa mwaka mmoja na nusu kutoka Ngaramtoni, mwezi wa Julai, mashavu na vikunjo vya viwiko vimekuwa vyekundu. Mama anaapa kwamba anampaka kila siku, na anasema kweli. Ila kwa sababu ya baridi anamwogesha kwa maji ya moto, na sabuni ya mche na dodoki juu yake. Akimaliza anamfuta kwa taulo mpaka anakauka kabisa, anamfunga kitenge, anamlisha uji, ndipo anakumbuka kopo. Nusu saa imeshapita. Mafuta ya mgando hayana maji ndani yake, kazi yake ni kufunika. Maji ambayo ngozi imeyanywa kwenye beseni huanza kutoka mara mtoto anapoinuliwa, na ngozi ya pumu huyapoteza haraka kuliko ngozi nyingine. Ukipaka baada ya nusu saa, unafunika ukavu. Ngozi itang'aa kwa muda, na usiku mtoto atajikuna kama jana.

Kwa hiyo kopo lifunguliwe kabla mtoto hajaingia majini. Maji yawe vuguvugu, mama ayapime kwa kiwiko. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Dodoki liwekwe kando, na sabuni isiyo na manukato iguse makwapa, kinena na miguu tu. Akitoka, taulo ligandamizwe kidogo kidogo bila kusugua, unyevu ubaki, kisha apakwe ndani ya dakika tatu. Amshike vizuri, maana mtoto aliyepakwa huteleza.

2. Oti. Zinazofaa kutiwa kwenye maji ya kumwogeshea mtoto ni oti tupu za uji, zisizo na sukari wala maziwa, zisagwe kwenye blenda kavu mpaka ziwe laini kama unga wa ngano. Kipimo ni hiki: tia kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi ya maji vuguvugu, koroga. Maji yakigeuka meupe kama maziwa na kuteleza kwenye vidole, ziko tayari. Zikituama chini, saga tena. Chembe laini huelea majini na kubaki kwenye ngozi kama utando unaotuliza mwasho. Chembe kubwa huzama, na zile zinazonasa mwilini zinakwaruza. Kwa beseni la lita kumi, vijiko viwili vya chakula vinatosha. Maji yamwagwe kila baada ya kuoga, kwa kuwa oti zilizolowa huchacha. Mtoto aliyewahi kuvimba au kutoka vipele baada ya kula oti asiogeshwe nazo.

3. Kiasi. Hapa ndipo mnapobana bila sababu. Mtoto mdogo aliyechachamaa mwili mzima anahitaji gramu 125 hadi 250 za mafuta kwa wiki. Kopo la gramu 100 likidumu mwezi, hajapakwa. Ulizeni kopo lilinunuliwa lini, jibu hilo litawaeleza kuliko swali la "unapaka?" Achague yasiyo na harufu, hata kama yale yenye manukato yako karibu dukani.

Mafuta yachotwe kwa kijiko safi, vidole visiingie kopo. Yalainishwe viganjani, yapakwe kuelekea chini, kufuata vinyweleo vinavyolala. Mkisugua juu na chini mnaziba matundu ya vinyweleo, na baada ya siku chache mtaona vipele vidogo vyenye usaha, kila kimoja na unywele katikati. Haidrokotisoni ni ya sehemu nyekundu tu, na iachane na mafuta kwa takriban nusu saa, la sivyo mafuta yataisambaza mpaka kwenye ngozi nzima.

Mwambieni mama pia kuhusu moto, hili mnalisahau karibu wote. Nguo na shuka zilizonyonya mafuta haya hushika moto upesi, hivyo mtoto akae mbali na jiko la mkaa na mshumaa.

Ukiona magamba ya njano yanayotoa majimaji, hayo ni maambukizi na yanahitaji dawa yake. Vidonda vidogo vya duara vinavyofanana, kama vimetobolewa, pamoja na homa, ni virusi vya hepesi: mtoto huyo aonwe na daktari siku hiyohiyo.