Maswali na majibu: makundi machache yanayomeza matumizi ya mwaka

Nimejumlisha matumizi ya nyumbani ya miezi 12 katika makundi 12. Kwa kanuni ya Pareto, ile inayosema asilimia 20 ya makundi hubeba asilimia 80 ya fedha, nilitegemea mawili au matatu yabebe asilimia 80, nimepata matano. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Hesabu ulizotuma zinafika 4,800,000 kwa mwaka (sarafu nimeiacha, kinachotuhusu ni uwiano). Kodi ya nyumba 1,440,000, chakula 1,056,000, usafiri 624,000, ada za shule 576,000. Hayo manne peke yake ni asilimia 77. Ukiongeza 288,000 za kusaidia ndugu unafika 83. Makundi saba yaliyobaki, kuanzia matibabu hadi makato ya benki, yanagawana asilimia 17.

Vilfredo Pareto, mchumi wa Kiitalia, mwishoni mwa karne ya 19 aliandika juu ya mapato na mali kurundikana kwa watu wachache. Bajeti ya mtu haikuwa hoja yake. Aliyelibandika jina lake kwenye kanuni hii ni Joseph Juran, mtaalamu wa ubora wa bidhaa viwandani, katika miaka ya 1940, alipokuwa akitenganisha kasoro chache zinazoleta hasara kubwa na zile nyingi za hasara ndogo. Kwa hiyo 80 na 20 ni namba za kukumbukia tu. Hata kule kujumlika kwake kuwa 100 ni sadfa, maana moja ni asilimia ya fedha na nyingine ni asilimia ya makundi.

Isitoshe, namba hiyo unaweza kuipika mwenyewe. Yachukue yale makundi saba madogo uyapasue kuwa 25: dawa mbali na vipimo, viatu mbali na nguo, na kadhalika. Sasa una makundi 30, na yale matano ya juu ni asilimia 17 tu ya makundi huku yakibeba asilimia 83 ya fedha. Pareto safi kabisa, na mfukoni hakijabadilika kitu.

Badala ya kuwinda 80, angalia orodha inapovunjika. Kwako ada za shule ni asilimia 12 na kundi linalofuata ni 6. Kushuka kwa nusu kwa hatua moja ni mpaka wa wazi: una makundi manne makubwa, kisha mkia mrefu. Ingekuwa 14, 13, 12, 11, 10 na kuendelea hivyo, ningekwambia huna wachache wakubwa, na mbinu hii isingekufaa.

Kwenye Excel hesabu hii inapangwaje? Nikipanga kuanzia kubwa kwenda ndogo, asilimia zangu zinavurugika.

Zinavurugika kwa sababu unapanga pamoja na safuwima ya asilimia limbikizi, ambayo kila mstari wake unategemea mistari iliyo juu yake. Tuseme makundi ya miamala yako yako safuwima C, kiasi kiko D, na majina ya makundi 12 umeyaandika kuanzia E2 hadi E13. Andika hizi tatu kwenye mstari wa 2, kisha uziburute hadi wa 13:

```
F2: =SUMIF(C:C,E2,D:D)
G2: =F2/SUM(F$2:F$13)
H2: =SUM(G$2:G2)
```

Ukitaka kupanga, chagua E2:F13 peke yake. G na H ziache pale pale, zitajihesabu upya. Kama programu yako inakataa mkato, weka nukta-mkato badala yake. Mstari wa mwisho wa H usiposoma asilimia 100, masafa uliyoandika kwenye G hayafiki makundi yote. Kisha linganisha jumla ya F na jumla ya D. Zikitofautiana, kuna miamala ambayo jina la kundi lake limeandikwa vibaya au halikuandikwa kabisa. Herufi moja iliyozidi inatosha kuutoa muamala nje ya hesabu, na SUMIF haitakulalamikia.

Nimepakua taarifa ya benki ya mwaka mzima. Kundi la kwanza ni "kuhamisha fedha", la pili ni "kutoa taslimu". Hilo linaniambia nini?

Halijakwambia chochote bado. Hayo ni majina ya njia fedha ilikopitia, hayasemi ilinunua nini.

Anza na uhamisho. Fedha iliyotoka akaunti yako kwenda akaunti yako nyingine si matumizi, ifute kwenye orodha. Malipo ya kadi ya mkopo ni mtego mkubwa zaidi: kama umeingiza manunuzi ya kadi moja moja na papo hapo ukaacha yale malipo ya kila mwezi ya kulipia kadi, umehesabu kitu kimoja mara mbili. Baki na manunuzi, ondoa malipo. Kwa mkopo wa kawaida mimi hutenga riba, ambayo ni gharama, na kuiweka mbali na sehemu inayopunguza deni. Ukitaka kuzihesabu zote mbili kwa kuwa zote zinatoka mfukoni, sawa, ila fanya hivyo mwaka huu na mwakani pia.

Taslimu ni ngumu zaidi kwa sababu huwezi kuikumbuka kwa mwaka mzima nyuma. Usiigawe kwa kubahatisha. Iache kama kundi la "haijulikani" kisha uijaribu hivi: imwage yote kwenye kundi moja, uone kama mpangilio unabadilika. Chukua hesabu za msomaji wa kwanza. Chakula kinaizidi usafiri kwa 432,000. Angekuwa na taslimu 500,000 isiyo na maelezo, nayo yote ikawa imeishia kwenye usafiri, usafiri ungepanda hadi 1,124,000 na kukipita chakula. Hapo huwezi kusema kwa uhakika lipi ni la pili. Lakini hata ukizitupia ada za shule zile 500,000 zote, kodi ya nyumba inabaki juu ya ada hizo. Kundi la tano nalo, lile la kusaidia ndugu, lingefika 788,000 na kuingia kati ya manne makubwa, kwa hiyo mpaka niliosema uko wazi usingekuwa wazi tena. Taslimu ikiwa ndogo kuliko pengo kati ya makundi mawili, mpangilio wao uamini. Ikilizidi pengo, andika taslimu zako kwa mwezi mmoja au miwili ijayo kwanza, ndipo uamue lolote.

Ni mimi wa makundi 12. Usafiri ni wa tatu, na kila nikifungua taarifa naona mafuta, mafuta, mafuta. Nipunguze safari?

Subiri kidogo. Unachokiona ni wingi wa mistari, na wingi wa mistari haupimi fedha. Fanya Pareto ya pili, ndani ya usafiri peke yake.

Kwa mchanganuo ulioutuma, zile 624,000 zimegawanyika hivi: mafuta 234,000, matengenezo na vipuri 206,000, bima 72,000, maegesho 62,000, teksi 50,000. Mafuta yanaongoza, ndiyo, lakini yametawanyika kwenye karibu mistari 90 ya kiasi kidogo kidogo. Matengenezo yana mistari 7 tu na yamekaribia kuyafikia mafuta. Katika hiyo 7, miwili inabeba 150,000: matairi manne yaliyonunuliwa siku moja, na tengenezo moja la breki. Mistari miwili ni karibu robo ya usafiri wote wa mwaka.

Hapo swali linageuka. Ukipunguza safari kwa asilimia 10, na mafuta yakishuka kwa kiasi hicho hicho, unaokoa 23,400. Kuhusu ile mistari miwili, cha kwanza kuuliza ni kama itarudi. Matairi hayanunuliwi kila mwaka, kwa hiyo mwakani usafiri unaweza kushuka wenyewe hata usipofanya lolote, nawe ukajipongeza bure. Breki ni habari nyingine: kama zilifikia kutengenezwa kwa gharama kubwa kwa sababu pedi hazikubadilishwa mapema zikala disiki, hilo ni tumizi lililozuilika, na ukaguzi wa mapema ungekugharimu kidogo mno. Muulize fundi kama ndivyo ilivyokuwa. Taarifa ya benki haiwezi kukujibu.

Ngazi ya tatu kwa kawaida haihitajiki. Ukishafika kwenye muamala mmoja unaoweza kuutaja kwa jina, umefika chini.

Kodi ya nyumba ndiyo inayoongoza kwangu, na siwezi kuigusa. Orodha ina faida gani basi?

Orodha inaonyesha ukubwa. Haionyeshi kinachosogezeka, na hapo ndipo wengi hukwama. Mbele ya kila kundi kubwa andika jambo moja zaidi: lini linaweza kubadilika. Kodi hubadilika mkataba unapoisha. Ada hubadilika muhula au mwaka wa shule unapoanza. Chakula hubadilika wiki hii. Si kwamba kodi haiguswi kabisa, imefungwa mpaka tarehe fulani, na tarehe hiyo iandike, maana ndiyo siku pekee ambayo mazungumzo na mwenye nyumba yana uzito.

Kisha linganisha. Kwa hesabu zile zile za juu, burudani ni 60,000 na makato ya benki 36,000. Ukiyafuta yote mawili kabisa, bila kubakiza hata kidogo, unaokoa 96,000. Ukipunguza chakula kwa asilimia 10 unaokoa 105,600. Watu huanza na burudani kwa sababu ndiyo inayowasuta, wakaishi mwaka mzima kwa kununa, na akiba isisogee. Makato ya benki, kwa upande wake, ningeyashughulikia ingawa yako mwisho wa orodha: kubadilisha aina ya akaunti ni kazi ya mara moja na haikunyimi raha yoyote. Udogo wa kundi si sababu ya kuliacha ikiwa kulipunguza ni rahisi.

Lazima iwe Januari hadi Desemba?

Hapana. Miezi 12 yoyote mfululizo inafaa, mradi kila malipo ya mara moja kwa mwaka yaonekane mara moja tu. Bima iliyolipwa mapema Januari, kisha ikalipwa tena mwishoni mwa Desemba ya mwaka huo huo, itaonekana mara mbili na kupanda ngazi isiyo yake. Sogeza mwanzo mwezi mmoja mbele.

Miezi mitatu au minne haitoshi, kwa sababu ile ile. Na kama mwaka huo kulikuwa na harusi au upasuaji, panga orodha mara mbili, mara moja tukio hilo likiwemo na mara nyingine bila. Ile yenye tukio inakwambia fedha ya mwaka jana ilikwenda wapi. Ya kupangia bajeti ya mwakani ni ile isiyo nalo.