Riba ya Amana: Ipime kwa Madumu ya Mawese

Ukianza kazi kwenye dawati la amana hapa Kigoma, swali utakalolisikia kila siku ni hili: "Nikiweka milioni, mwakani napata ngapi?" Usikimbilie kujibu asilimia iliyoandikwa ubaoni. Hiyo ni riba tajwa, inayohesabu shilingi tu. Mteja anataka kujua shilingi hizo zitanunua nini, na hiyo ndiyo riba halisi.

Chukua amana ya 1,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 8. Faida ni 80,000, lakini kabla haijamfikia inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 8,000. Anaondoka na 1,072,000. Wageni wengi wa kazi husahau kodi hii, halafu mteja anarudi na ugomvi.

Sasa mpeleke soko la Mwanga. Tuseme siku anaweka, dumu la mawese la lita 20 ni 50,000. Milioni yake ingenunua madumu 20. Bei ikipanda asilimia 5 kwa mwaka, dumu litakuwa 52,500. Gawanya 1,072,000 kwa 52,500: madumu 20.4. Shilingi zimeongezeka asilimia 7.2, mawese asilimia 2.1 tu. Angeiacha milioni hiyo kwenye akiba ya kawaida ya asilimia 2, angetoka na 1,018,000, sawa na madumu 19.4. Salio limekua, dumu limepungua, na hakuna aliyemwibia.

Hesabu yenyewe ni hii, namba zote zikiwa za desimali, riba ikiwa imeshakatwa kodi, na mfumuko ukiwa kiwango cha bei kupanda kwa mwaka:

```
riba_halisi = (1 + riba) / (1 + mfumuko) - 1
```

Wengi hutoa tu: 7.2 kasoro 5 ni 2.2. Mfumuko ukiwa mdogo, tofauti haisumbui. Lakini Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 19.8. Kwa riba ya asilimia 9 baada ya kodi, kutoa kunaonyesha hasara ya 10.8, wakati hasara ya kweli ni kama asilimia 9.

Mfumuko unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ni wa kapu la nchi nzima, si la jiko la mteja wako. Kama kapu hilo lilipanda asilimia 5 lakini dumu lake likapanda asilimia 9 hadi 54,500, amana ileile ya asilimia 8 inampa madumu 19.7. Mwaka huo kapu la taifa linasema kapata, jiko lake linasema kapoteza, na yote mawili ni kweli.

Ukimsaidia kupima bei zake mwenyewe, linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita. Kwa dagaa angalia hata mwezi wa angani: kwenye mbalamwezi wavuvi wa taa hawapati kitu, bei inaruka, na wiki mbili baadaye inashuka. Mruko huo si mfumuko wa bei.