Mtoto akimwagikiwa na chai ya moto

*Mwanangu wa miezi 14 alivuta kikombe cha chai, ikammwagikia kifuani na begani. Nilimmwagia maji kidogo, akalia sana nikaacha. Nilipaswa kuendelea?*

Ndiyo, hadi zitimie dakika 20. Chai ikishafutika, joto lake bado limo ndani ya ngozi na linaendelea kuunguza tabaka za chini. Anza kwa kumvua nguo iliyolowa, na nepi pia. Wazazi wengi huisahau nepi, ilhali chai hutiririka tumboni ikatuama humo. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute, kata kuizunguka.

Kisha maji ya bomba yapite polepole kifuani na begani tu. Kama hakuna bomba, mimina kwa kikombe. Usitumie barafu, maana hubana mishipa ya damu na kuzidisha jeraha. Sehemu nyingine za mwili zifunike kwa nguo kavu, kwa sababu mtoto mdogo hupoa haraka. Akianza kutetemeka au kulegea, sitisha na umpashe joto. Hata ukichelewa, maji bado yanasaidia ndani ya saa 3 tangu aungue.

*Bibi yake anasisitiza dawa ya meno au mafuta. Kuna ubaya gani?*

Mafuta huzuia joto kutoka. Dawa ya meno huwasha jeraha, na hospitalini italazimika kuondolewa ili kina cha jeraha kionekane, na hayo ni maumivu ya pili kwa mtoto. Bibi anamtakia mema mjukuu. Mpe kazi ya kushika kikombe cha maji.

Baada ya kupoza, tandaza juu ya jeraha karatasi ya plastiki laini ya kufunikia chakula, ukitupa kipande cha kwanza cha nje. Usiizungushe mwilini, kwani jeraha huvimba. Ukiikosa, tumia kitambaa safi kisicho na manyoya. Malengelenge yaache bila kuyatumbua. Parasetamoli ya watoto mpe kwa kipimo cha uzito wake.

*Nitajuaje kama ni la hospitali?*

Pima kwa kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole. Jeraha likizidi hapo, nenda. La kifuani na begani karibu kila mara huzidi. Nenda pia, hata likiwa dogo, kama liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri, au limezunguka mkono au mguu, au mtoto hajatimiza mwaka. Umeme na kemikali ni hospitali moja kwa moja.

Usidanganywe na mtoto aliyetulia. Ngozi iliyo nyeupe kama nta au iliyokauka, isiyouma ikiguswa, imeungua hadi kwenye neva.

*Tumeruhusiwa kurudi nyumbani. Niangalie nini?*

Homa, vipele mwilini, kutapika, kuhara au usingizi usio wa kawaida katika siku chache za mwanzo. Jeraha dogo linaweza kuingiza sumu ya bakteria kwenye damu huku lenyewe likionekana safi. Mrudishe hospitali saa hiyohiyo, na uwaambie kwamba aliungua.