Kidonda cha majimaji kilichozuka usiku mmoja: anza na manyoya

Jumatatu jioni mbwa wetu Chui alikula posho yake na dagaa, akalala barazani kama kawaida. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta anajitafuna mgongoni, karibu na mkia, na manyoya ya pale yamelowa na kugandamana. Nilipoyapenua nikaona ngozi nyekundu, inang'aa, inatoka maji ya manjano yenye harufu mbaya. Kilikuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi 500. Kufika saa saba mchana kilikuwa kama kiganja changu. Hapa Jinja ulikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha kila siku, na Chui ni mchanganyiko wa mbwa wa Kijerumani, mwenye manyoya mazito ya tabaka mbili.

Nilidhani ameng'atwa na mbwa mwingine, na jirani alidhani amemwagiwa maji ya moto. Kumbe kidonda hiki mbwa hujitengenezea mwenyewe. Kitu kinamwasha, anajilamba na kujitafuna mpaka ngozi ya juu inachubuka. Maji yanayotoka yanayagandisha manyoya, yanakuwa kama kifuniko, na chini yake kunabaki joto na unyevu. Bakteria ambao siku zote huishi kwenye ngozi ya mbwa bila kumdhuru wanapata mahali pazuri pa kuzaliana. Kuwashwa kunazidi, naye anazidi kujitafuna. Ndiyo maana kinakua kwa saa chache tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupaka. Nilichukua krimu ya ngozi ya watu tuliyokuwa nayo nyumbani nikaipaka juu ya manyoya yale yale. Krimu nzito inafunga unyevu ndani, na mbwa anailamba yote. Jioni kidonda kilikuwa kibaya zaidi. Dada mmoja daktari wa mifugo nilipompigia simu aliuliza jambo moja tu: "Umeshanyoa?"

Kunyoa ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo ngumu. Kidonda hiki kinauma kuliko kinavyoonekana, na mbwa mpole kabisa anaweza kukung'ata. Tulikuwa wawili: mwanangu alimshika kichwa, na tulimfunga mdomo kwa kitambaa laini, kikazungushwa juu ya pua, kikapita chini ya kidevu na kufungwa nyuma ya masikio. Usimfunge kwa muda mrefu, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa kipo Uganda.

Tumia mashine ya kunyolea. Mkasi unakata ngozi kirahisi, kwani manyoya yaliyogandamana huivuta juu nawe huoni inaanzia wapi. Kabla ya kunyoa nilipaka kidondani jeli ya kulainisha, ile inayoyeyuka kwa maji na inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Manyoya yaliyokatwa hunasa humo na yote hutoka wakati wa kuosha. Gusa wembe wa mashine mara kwa mara; ukipata moto, pumzika. Nyoa mpaka uone ngozi nzima pande zote, kisha ongeza upana wa vidole viwili. Usishtuke: kidonda halisi huwa kikubwa kuliko ulichokuwa unakiona. Cha Chui kilikuwa karibu mara mbili.

Kama hakuachi umguse kabisa, mpeleke kwa daktari amtulize kwa sindano. Na usimpe dawa za maumivu za watu, kama panado, ibuprofeni au diklofenaki. Zinaweza kumuua.

Kwa kuosha nilitumia maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisawasawa bila kurundika. Nilimimina taratibu mpaka utelezi wote ukatoka. Baadaye nikaosha kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi. Niliyopata dukani ilikuwa ya asilimia 5 isiyo na sabuni, kwa hiyo nikachanganya vijiko viwili vya chai katika lita moja ya maji. Yako ikiwa na nguvu tofauti, au ikiwa na sabuni, mwulize muuzaji namna ya kuipunguza, na ile ya sabuni lazima isuuzwe. Isiingie machoni wala ndani ya sikio. Kausha kwa kitambaa safi kwa kugandamiza, usisugue. Kisha acha kidonda wazi, bila bandeji. Nilirudia mara tatu kwa siku, siku mbili za mwanzo, halafu mara mbili.

Spiriti, dawa za kuoshea sakafu na mafuta machafu ya injini, ambayo bado naona watu wakiwapaka mbwa wao, huunguza ngozi iliyochubuka, na mafuta yale ni sumu akiyalamba.

Kazi yote hii inaharibika mbwa akilamba dakika tano. Chui nilimtengenezea kola kwa ndoo ndogo ya plastiki: nikakata tundu kwenye kitako, nikafunika ukingo kwa kitambaa, nikatoboa matundu ya kuifunga kwenye mkanda wake wa shingoni. Mdomo wa ndoo upite pua yake kidogo. Nilimvua wakati wa kula tu, nikiwa nimekaa pembeni.

Siku ya pili pakakauka, ya tatu pakafanya gaga jembamba, na baada ya wiki moja ngozi ilikuwa ya waridi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwenda. Kama baada ya siku mbili bado panatoka maji, au nje ya ukingo unaona vipele na vidonda vidogo vidogo, au ngozi imekuwa nene na ngumu, maambukizi yameingia ndani na atahitaji antibiotiki kutoka kwa daktari. Vivyo hivyo kama amenyong'onyea, hataki kula, au kidonda kiko karibu na jicho. Kwenye mvua hizi angalia pia funza. Nzi hupenda kutaga kwenye kidonda kilicholowa.

Kinachobaki ni kujua nini kilimwasha, na mahali pa kidonda panasema mengi. Kikiwa shavuni chini ya sikio, angalia sikio: likinuka au likiwa na uchafu mweusi, tatizo liko humo. Kikiwa chini ya mkia, huenda ni tezi za pembeni mwa mkundu zimejaa. Kikiwa kiunoni juu ya mkia, kama cha Chui, fikiria viroboto kwanza. Nilimchana juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa, zikadondoka chembe nyeusi, na muda mfupi zikatoa rangi ya damu. Hicho ni kinyesi cha viroboto. Isitoshe, Jumapili jioni kijana wa nyumbani alikuwa amemwosha na kumwacha alale na manyoya ya ndani mabichi.

Daktari alimpa dawa ya viroboto kwa uzito wake, kilo 31. Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe na kukisia kipimo. Paka wetu alipewa yake, maana dawa za mbwa zenye pemetrini huua paka. Magunia aliyokuwa akilalia Chui tuliyachoma, na baraza tukaifagia kila siku, kwani mayai na viluwiluwi vya viroboto huwa huko sakafuni. Dawa tunarudia kila mwezi. Mvua za Septemba zilipokuja, tulimkausha kwa taulo mpaka kwenye ngozi kila aliponyeshewa, na kidonda hakikurudi.