"Zimebaki jozi tatu tu": hukumu ya ofa inayomharakisha mnunuzi

Swali: Assalamu alaykum Sheikh. Nimeajiriwa kuandika matangazo ya duka la viatu linalouza mtandaoni. Kila wiki bosi ananiagiza niandike "zimebaki jozi tatu tu, ofa inaisha leo usiku", ilhali stoo kuna makumi ya jozi, na kesho ofa ni ile ile. Juzi dada mmoja aliniandikia kwamba alikopa pesa ili awahi, na wiki iliyofuata akakuta bei haijabadilika. Tangu hapo silali vizuri. Bosi anasema hii ni mbinu ya soko, si uongo, maana bei kweli imepunguzwa. Je, ofa za namna hii zote ni haramu? Na mshahara wangu una hukumu gani? Mimi ndiye ninayemtunza mama.

Jibu: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichonisimamisha ni huyo dada aliyekopa. Nitamrudia mwishoni.

Ofa yenyewe ni halali. Mwenye mali ana haki ya kushusha bei kwa siku tatu au kwa saa tatu, kwa jozi arubaini au kwa jozi nne, na hana wa kumuuliza kwa nini. Tena muda ukiwa ni wa kweli na idadi ikiwa ni ya kweli, kuvitaja ni kumtendea mteja wema, kwa sababu asipoambiwa atakuja kesho akute bei imepanda na ajione amefichwa jambo. Wako wanaosema kila tangazo lenye ukomo wa saa ni kumlazimisha mnunuzi. Kauli hiyo haina mashiko, wala sitaipotezea muda. Kilicho haramu ni ukomo usiokuwepo na uchache usiokuwepo.

Ila hoja ya bosi wako nitaikalia, kwa kuwa nimeisikia hata kwa watu wenye vilemba. Wanasema: bei imeshuka kweli, kiatu ni kizima, mteja kapata faida, sasa kadhulumiwa nini? Na wengine huongeza: kila mtu anajua kuwa hiyo ni lugha ya matangazo, hakuna anayeiamini.

Tuanze na hoja ya kwanza. Katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza tasriya. Muuzaji anamfunga ngamia au mbuzi kiwele siku kadhaa bila kumkamua, chuchu zinajaa, halafu anampeleka sokoni. Mnunuzi anaona kiwele kimevimba na kudhani ndivyo mnyama anavyotoa kila siku. Sasa angalia: muuzaji huyu hakutamka neno hata moja la uongo. Mnyama ni mzima, hana ugonjwa, na maziwa yaliyomo ni maziwa kweli. Huenda hata bei ilikuwa nafuu. Pamoja na hayo, Mtume alimpa mnunuzi hiyari: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende, na katika riwaya ya Muslim hiyari hiyo ni ya siku tatu. Kwa nini, ikiwa kitu ni kizima na bei si mbaya? Kwa sababu uamuzi wa mnunuzi ulijengwa juu ya picha iliyotengenezwa. Ile saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye tangazo, ambayo ukifungua ukurasa upya inaanza tena palepale ilipoanzia, ni kiwele kilichofungwa. Nako kutoa tena na tena "zimebaki tatu" wiki nzima bila namba kushuka ni kiwele kilichofungwa. Na wewe umeagizwa uovu mkubwa zaidi, kwa kuwa mwenye mbuzi angalau alinyamaza, wewe unaandika.

Hoja ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza. Kama hakuna anayeiamini, basi aifute leo aone kama mauzo yatabaki vilevile. Hataifuta, kwa kuwa anajua wapo wanaoiamini, na pesa inatoka kwao. Na mara nyingi anayeamini ndiye mwenye kipato kidogo, anayeona kuwa nafasi ya kununua kwa bei hii haitamrudia. Mwenye uwezo hana haraka. Hivyo mzigo wa mbinu hii unamwangukia yule ambaye ofa inadaiwa kumsaidia.

Tena kuna najshi, ambayo Mtume ameikataza katika hadithi ya Ibn Umar: mtu anajitokeza mnadani na kupandisha bei bila nia ya kununua, ili wengine wadhani bidhaa inagombaniwa. Anachouza mtu wa najshi ni umati usiokuwepo. Tangazo linalosema "watu wanazimaliza" na stoo imejaa linauza umati huohuo. Sahaba Abdullah bin Abi Awfa alimwita mtu wa najshi mla riba na mhaini. Maneno makali hayo, lakini si yangu.

Hujaniuliza juu ya bei iliyokatwa mstari, ila nina shaka ipo kwenye matangazo yenu. Imepokewa na Bukhari, kwa huyohuyo Ibn Abi Awfa, kwamba mtu alitandaza bidhaa sokoni akaapa kuwa ameshapewa bei fulani, na hakupewa, ili amnase Muislamu mmoja. Ikateremka aya ya 77 ya Suratu Aal Imran juu ya wanaouza ahadi ya Mwenyezi Mungu na viapo vyao kwa thamani ndogo. Bei ya zamani mnayoikata mstari lazima iwe bei ambayo viatu viliuzwa kwayo kweli, si bei iliyobandikwa jana usiku ili leo ikatwe.

Basi tangazo la haki linaandikwaje? Kabla ya kushika simu, nenda stoo ukahesabu. Tuseme umekuta jozi 48. Nane kati ya hizo zimeshalipiwa na wateja wa wiki iliyopita, bado hazijachukuliwa. Hizo si zenu tena. Zinazouzwa ni 40, na ndiyo namba utakayoandika. Kama duka lina kaunta ambako viatu hivyohivyo vinauzwa, tenga zile 40 pembeni; usipotenga, jozi moja itauzwa mara mbili, na mteja wa pili atakuwa amelipia kitu msichonacho, jambo ambalo Mtume alimkataza Hakim bin Hizam. Kisha angalia namba za viatu. Ukisema jozi 40 na namba 39 ziko mbili tu, mwenye namba 39 umemdanganya kwa hesabu iliyo sahihi. Yaandike yote:

"Viatu vya ngozi vya kike, jozi 40: namba 37 jozi 12, namba 38 jozi 16, namba 39 jozi 2, namba 40 jozi 10. Punguzo la asilimia 30 kutoka bei tuliyouzia hadi jana. Ofa inafungwa Jumamosi tarehe 14, saa 4 usiku, au jozi ya mwisho ikilipiwa kabla ya hapo. Baada ya hapo bei inarudi ya kawaida."

Nimeandika Jumamosi, tarehe na saa kwa makusudi. Ukiandika "usiku wa Jumamosi", wazee wetu wataelewa usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani Ijumaa baada ya magharibi, na vijana wataelewa usiku unaofuata. Saa sita usiku nayo huwachanganya watu ni ya siku ipi. Na tarehe iwe ndani ya picha yenyewe, kwa kuwa picha husambazwa na kuendelea kuzunguka ofa ikiwa imeshakufa, na atakayeipata wiki ijayo aone mwenyewe kuwa imepita.

Jozi ya 40 ikilipiwa, hariri tangazo uandike "zimekwisha" saa ileile, usingoje asubuhi. Wa 41 akituma pesa kwa bahati mbaya, arudishiwe zote, na asishinikizwe kuchukua aina nyingine iliyo ghali zaidi. Na Jumamosi saa 4 ikifika na jozi 11 hazijauzwa, bei irudi. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa kuwa jozi 11 zinamtazama usoni. Akitaka baadaye kuweka ofa nyingine ni haki yake, maana hali ya mali hubadilika, lakini kama tangu mwanzo alijua kuwa atairudia, basi maneno "nafasi ya mwisho" na "hairudi tena" yasiingie. Na ikitokea dharura ya kweli, kwa mfano mtandao wa malipo ulikuwa chini siku nzima, aongeze muda na aseme sababu.

Sasa wewe. Mikono inayoandika uongo inashiriki dhambi yake, na Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida, aya ya 2, tusisaidiane katika dhambi na uadui. Siwezi kukuruhusu uandike tena "zimebaki tatu" na unajua ziko sitini. Lakini pia sikwambii uondoke kesho na mama anakutegemea. Mshahara uliokwisha kuupokea ni ujira wa kazi ambayo sehemu yake kubwa ni halali: kuelezea bidhaa, kupiga picha, kujibu wateja. Kula, na utubu kwa kile kipande kilichochafuka.

Mpelekee bosi tangazo lililoandikwa kama nilivyokuonyesha, na umwombe alijaribu kwa ofa moja. Usimwendee na fatwa mkononi. Mwendee na hesabu ya stoo. Mwambie kwamba yule dada hatanunua tena, na hatakuwa peke yake. Akikataa, omba upewe picha na wateja, maneno aandike yeye, na huku ukitafuta kazi nyingine kwa utulivu. Akikwambia andika au ondoka, hapo rudi kwangu tuzungumze pamoja na walii wako, maana riziki ya mama yako si jambo la kuachiwa wewe peke yako wakati una ndugu na jamaa.

Ama mauzo yaliyopita, kwa jinsi ninavyoona yanasihi. Mtume hakuibatilisha biashara ya mbuzi yule, bali alimpa mnunuzi hiyari. Kwa hiyo dada aliyekopa ana haki ya kuulizwa. Mwambie bosi, kisha mwandikie dada kuwa tangazo lile halikuwa sahihi, na kwamba akitaka kurudisha viatu atapewa pesa yake yote. Kama ameshavivaa na anavipenda, abaki navyo. Bosi akigoma, mwandikie wewe mwenyewe umwombe radhi, na kama una uwezo hata wa kumsaidia sehemu ndogo ya lile deni, msaidie.

Wallahu a'lam.